Duara Lisilojua Maji: Tangazo la Duka la Lamu na Hesabu ya Mlangoni

Mwenye duka katika mji wa Lamu anapofungua akaunti ya matangazo ya Google na kufika mahali pa kuchagua eneo, huonyeshwa ramani. Anaweka pini juu ya duka lake, anaandika idadi ya kilomita, na duara linachorwa mbele yake, likiwa na maana kwamba tangazo litaonyeshwa kwa watu walio ndani ya mstari ule. Jambo hilo huonekana rahisi, na katika mji wa bara wenye barabara zinazotoka kila upande kwa kweli ni rahisi. Lamu ni kisiwa, na duara halijui maji. Hupima umbali kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye pini, kama kunguru arukavyo, kwa hiyo msafiri aliyeketi katika uwanja wa ndege wa Manda, ng'ambo ya mkondo, huhesabiwa kuwa yuko karibu na duka lililo nyuma ya Ngome kuliko mgeni aliyelala Shela, ilhali yule wa Shela anaweza kuja kwa miguu kwa kufuata ufuo na yule wa Manda hawezi kuja bila kupanda mashua.

Makala haya yanahusu kosa hilo na makosa mengine mawili yanayoambatana nalo, kwa mtu mwenye duka moja dogo anayetaka tangazo limletee watu wanaovuka kizingiti chake. Hayahusu kuuza kwa njia ya posta wala kujulikana tu.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, yafaa tutenganishe hesabu tatu ambazo huchanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni ile inayoitwa kwenye skrini `Store visits`, yaani ziara za dukani. Wengi hudhani kwamba Google humwona mtu akiingia mlangoni na kumwandika. Sivyo. Hesabu hiyo ni makadirio: kampuni huchukua watu walioingia katika akaunti zao na kukubali simu zao zitunze kumbukumbu ya mahali walipopita, hutazama ni wangapi kati ya waliobonyeza tangazo walionekana kufika dukani baadaye, kisha hukadiria idadi ya wengine wote kutokana na wale wachache. Ili asitambulike mtu mmoja mmoja, makadirio hayo hayatolewi mpaka data iwe nyingi kiasi cha kutosha. Msururu wa maduka makubwa yenye maelfu ya mibonyezo kila mwezi hukipita kiwango hicho. Duka moja la vikoi katika kichochoro cha Mkomani halikifikii, na safu yake ya ziara itabaki tupu hata mwenyewe afanye nini.

Hata kama isingebaki tupu, ningesita kuiamini hapa kwetu. Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hujua ilipo kwa makosa ya mita 5 hivi. Ndani ya vichochoro vya mji wa kale, ambavyo vingine watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuza bega, na katikati ya kuta nene za mawe ya matumbawe zinazokinga na kurudisha mawimbi ya setilaiti, kosa hilo huongezeka. Maduka yetu mengi yana upana wa mita 3 au 4 tu. Chombo kinachokosea kwa upana wa duka zima hakiwezi kueleza kama mgeni aliingia kwako, kwa jirani yako, au alisimama kichochoroni kumpisha punda aliyebeba mchanga.

Hesabu ya pili ni ombi la njia. Mtu anaona tangazo, au anaona duka lako kwenye ramani, kisha anabonyeza kitufe cha `Directions` ili aongozwe. Hili ni tendo halisi lililofanywa na mtu halisi, nalo huhesabiwa hata kwa duka dogo kabisa. Ukishaunganisha wasifu wa biashara yako, yaani ukurasa wa duka lako kwenye ramani ya Google, na akaunti ya matangazo, tendo hili hujitokeza lenyewe katika orodha ya malengo kwa jina la `Local actions - Directions`. Kasoro yake ni kwamba huhesabu kidole na wala haihesabu miguu. Aliyebonyeza ili aone tu kama duka liko mbali, akaona liko mbali na kwenda zake, ameandikwa sawasawa na aliyekuja akanunua.

Hapa kuna mtego mdogo ambao nimewaona watu wengi wakiuingia. Ombi la njia huonekana mahali pawili. Katika wasifu wa biashara utakuta idadi ya watu walioomba njia ya kuja kwako, wawe waliona tangazo au hawakuona. Katika akaunti ya matangazo utakuta maombi yaliyotokana na tangazo peke yake. Idadi ya kwanza hukusanya watu wa kila aina, na wale wa tangazo wanaweza kuwa tayari wamo ndani yake. Kuzijumlisha mbili hizo ni kumhesabu mgeni mmoja mara mbili.

Hesabu ya tatu haimo kwenye skrini yoyote. Ni watu walioingia dukani kwa miguu yao, nayo hupatikana kwa kuwahesabu mlangoni. Hoja yangu yote ni kwamba kwa duka la Lamu hesabu ya kwanza haipo, ya pili ipo ila ina udanganyifu, na ya tatu ndiyo inayoipima ile ya pili.

Turudi kwenye duara. Eneo la duara huongezeka kwa mraba wa nusu kipenyo, na jambo hili husahaulika kirahisi mtu anapoburuta kidole kwenye ramani. Duara la nusu kipenyo cha kilomita 2 lina eneo la kilomita za mraba 12.6 hivi. Duara la kilomita 20 halina mara kumi ya eneo hilo, lina mara mia: takriban kilomita za mraba 1,257. Likichorwa kutoka mji wa Lamu, hilo la kilomita 20 hukusanya Shela, Matondoni, Kipungani, kisiwa cha Manda, Mokowe na Hindi upande wa bara, mikoko mingi isiyokaliwa na mtu, na bahari kuu ambayo haina mnunuzi wa kofia. Bahari haikugharimu kitu, kwa sababu samaki hawabonyezi matangazo. Wanaokugharimu ni watu walio ng'ambo, wanaoweza kubonyeza lakini hawatakuja leo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kilomita ngapi, bali ni mtu wa mahali gani anaweza kuwa mlangoni kwangu ndani ya saa moja bila kupanga safari. Kwa mji wa Lamu majibu ni machache na yanajulikana: aliye mjini, kuanzia Mkomani hadi Langoni na mitaa ya nyuma, aliye Shela, kilomita 3 hivi kutoka mjini, ambaye huja kwa miguu kwa muda wa robo tatu ya saa au kwa boti kwa dakika chache, na anayeshuka Manda, kwa sababu karibu kila anayeshuka hapo anavuka kwa boti kuja mjini au kwenda Shela. Mtu wa Mokowe yuko njiani kuja kama ameshuka basi, lakini kama ni mkazi aliyeko nyumbani kwake ana maduka yake huko.

Jawabu la kitaalamu hapa ni maduara madogo mengi badala ya duara kubwa moja. Akaunti ya Google inaruhusu kampeni moja iwe na maduara kadhaa, na yakipandana si kosa. Chora la kilomita 2 kuzunguka duka, chora lingine dogo juu ya Shela, chora la tatu juu ya uwanja wa Manda. Usijaribu njia ya kinyume, ya kuchora moja kubwa kisha kutoa vipande usivyovitaka, kwa sababu mfumo unakubali kutenga eneo lenye jina katika orodha yake, kama vile kaunti au mji, lakini haukubali kutenga duara. Ukishachora kilomita 20 huwezi kuikata Mokowe kwa duara lingine la kukataza.

Udogo nao una mpaka wake. Duara likiwa dogo mno, watu walio ndani yake huwa wachache hivi kwamba tangazo huonekana kwa kukatizwa au lisionekane kabisa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: bajeti ya siku haiishi, siku nyingine haiguswi, na idadi ya mara tangazo lilipoonyeshwa hubaki makumi machache. Hilo si hitilafu ya akaunti. Panua duara la mjini kidogo kidogo, na uache yale mengine yalivyo.

Isitoshe, usidhani kwamba mstari wa duara ni ukuta. Mfumo hutambua mahali mtu alipo kwa setilaiti pale inapowezekana, na isipowezekana hutumia mitandao isiyo na waya ya karibu, minara ya simu, au anwani ya intaneti. Mnara mmoja unaweza kuhudumia pande zote mbili za mkondo. Anwani ya intaneti ya simu ndiyo dhaifu zaidi, maana mara nyingi huelekeza kwenye mji ambako mitambo ya kampuni ya simu iko, hata kama mwenye simu ameketi gatini. Kwa hiyo wachache watavuja kuingia, na wachache walio ndani kabisa watakosekana.

Kosa la pili halimo kwenye ramani. Limejificha chini yake, mahali panapoitwa `Location options`, na wengi hawapafungui. Chaguo linalokuja limewekwa tayari ni `Presence or interest`, yaani watu walioko katika eneo lako pamoja na wale walioonyesha kuvutiwa nalo. Aliyeketi Nairobi akitafuta nyumba ya wageni ya Lamu kwa likizo ya Desemba amevutiwa na Lamu. Aliyeko Milano akisoma habari za majahazi naye amevutiwa. Wote wawili wanaweza kuona tangazo la duka lako, kubonyeza, na hata kuomba njia kwa udadisi, nawe ukalipa, hata kama duara lako ni la kilomita 2. Chaguo la pili, `Presence`, hubakiza walioko katika eneo au wanaokuwapo mara kwa mara. Mwenye nyumba ya wageni ana sababu nzuri ya kubaki na lile la kwanza, kwa kuwa mteja wake hupanga miezi kabla. Mwenye duka la vikoi hana, kwa sababu hakuna anayepanga kununua kikoi miezi mitatu mapema.

Kosa la tatu ni pini yenyewe. Katika mji ambao nyumba hutajwa kwa jina la mwenyewe au kwa msikiti ulio jirani, anwani iliyoandikwa haimsaidii mgeni, na ramani humpeleka pale pini ilipo, si pale mlango ulipo. Nyumba za mawe za Lamu mara nyingi hugusana kwa migongo: duka lenye mlango upande wa kichochoro cha ndani linaweza kuwa na ukuta wake wa nyuma umbali wa hatua mbili tu kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale. Pini ikikaa kwenye paa, mfumo unaweza kuifunga kwenye njia iliyo karibu nayo zaidi, na mgeni akaongozwa mpaka kwenye ukuta mtupu, akaambiwa na simu kwamba amefika. Atatazama kushoto, atatazama kulia, ataingia duka la kwanza lililo wazi. Ombi lake la njia limehesabiwa kwako. Fedha zake zimebaki kwa jirani.

Dawa yake ni kutembea. Nenda gatini, fungua ramani kwa simu ambayo haijawahi kuingia katika akaunti ya duka, bonyeza `Directions`, chagua njia ya miguu, na ufuate unachoambiwa bila kutumia ujuzi wako wa mji. Rudia ukianzia upande wa Shela. Ikikufikisha kwingine, fungua wasifu wa biashara, nenda sehemu ya mahali, na uisogeze pini mpaka ikae kwenye njia mbele ya mlango, hata ikibidi itoke juu ya paa lako mwenyewe. Pale ambapo hakuna jina la njia, unaweza kuandika ule msimbo mfupi wa herufi na tarakimu ambao Google huupa kila kipande kidogo cha ardhi, nao kwenye skrini huitwa `Plus Code`. Kisha weka picha ya mlango ulivyo ukitazamwa kutoka kichochoroni, pamoja na baraza na nakshi zake, kwa sababu mita kumi za mwisho mgeni huongozwa na macho.

Sasa tuchukue duka la mfano, na tarakimu zote zinazofuata ni za kufafanulia hesabu tu. Ni duka la vikoi na kofia za kushonwa kwa mkono katika kichochoro kinachotoka Usita wa Mui, upande wa Mkomani. Mwenye duka ameweka bajeti ya shilingi 300 kwa siku, sawa na shilingi 9,000 kwa siku 30. Mwezi wa kwanza aliacha kila kitu kama kilivyokuja: duara moja la kilomita 20, chaguo la `Presence or interest`, tangazo usiku na mchana. Bajeti iliisha yote, na akaunti ikamwonyesha maombi 36 ya njia. Aligawanya 9,000 kwa 36, akapata shilingi 250 kwa kila ombi, na akafurahi, kwa sababu kofia moja iliyoshonwa kwa mkono humwachia faida inayozidi hapo.

Lakini alikuwa na daftari mlangoni, na daftari liliandika watu 4 tu waliosema walikuja kwa ramani. Alipofungua ripoti ya maeneo, ile inayoonyesha mibonyezo ilitoka wapi hasa, alikuta kwamba maombi 22 kati ya 36 yalitoka kwa watu waliokuwa nje kabisa ya Kaunti ya Lamu. Yalibaki 14. Kati ya hayo 14, kadhaa yalikuwa ya saa tano usiku na saa kumi alfajiri, wakati duka limefungwa. Na alipotembea mwenyewe kutoka gatini, ramani ilimpeleka kwenye ukuta wa nyuma.

Mwezi wa pili alibadilisha mambo manne. Alichora maduara matatu madogo, mjini, Shela na Manda, alichagua `Presence`, aliweka tangazo lionekane kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na aliisogeza pini. Safari hii mfumo ulitumia shilingi 4,200 tu kati ya 9,000, kwa kuwa watu ndani ya maduara hawakutosha kuimaliza bajeti. Maombi yalishuka hadi 14, na kila ombi likapanda bei hadi shilingi 300. Mtu anayetazama skrini peke yake angesema mambo yameharibika: maombi machache, tena ya bei kubwa zaidi. Daftari lilisema vingine. Watu 9 waliingia kwa ramani. Kila mtu aliyevuka kizingiti mwezi wa kwanza alimgharimu shilingi 2,250, yaani 9,000 kugawanywa kwa 4. Mwezi wa pili alimgharimu takriban shilingi 467.

Ningependa msomaji akae kidogo na mfano huu, kwa sababu ndipo ulipo ugumu wenyewe wa jambo. Bei ya ombi moja ilipanda na bei ya mgeni mmoja ikashuka, katika kampeni ileile. Kilichobadilika ni uwiano kati ya maombi na miguu: mwezi wa kwanza, maombi 9 yalileta mtu mmoja, mwezi wa pili, maombi 14 yalileta watu 9. Mwenye duka akishaujua uwiano wake anaweza kuisoma skrini bila kudanganywa, na uwiano wenyewe hawezi kuujua bila daftari. Sidai kwamba mambo yote manne yalichangia sawa. Kwa kuwa aliyabadilisha kwa pamoja, hana njia ya kujua pini ilileta wangapi na duara lilileta wangapi. Angetaka kujua, angelazimika kuisogeza pini kwanza, akasubiri wiki kadhaa, ndipo aguse mengine. Mimi nisingemshauri asubiri: pini iliyopotoka ni hasara ya kila siku, nayo huwaumiza hata wasiotokana na tangazo.

Daftari nalo lina adabu yake. Swali liulizwe kwa maneno yaleyale kila mara na kwa kila mgeni, si kwa wale wanaoonekana wakarimu tu, kwa mfano, "Karibu sana. Umetufikiaje leo?" Jibu liwekwe alama ya mstari katika safu moja kati ya tatu: aliyekuja kwa ramani, aliyekuwa akipita, aliyeletwa na mtu. Safu ya tatu ni kubwa hapa Lamu, kwa sababu waongoza watalii na manahodha huwaleta wageni wao, na mara nyingine mgeni ana simu mkononi na mwongozaji mbele yake. Weka kanuni moja na uishike: alichotaja kwanza ndicho kinachoandikwa. Hakuna haja ya kuandika jina wala namba ya simu. Mistari isiyo na majina haimhusu mtu yeyote, ilhali ukianza kukusanya namba za watu unaingia katika mipaka ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 pamoja na wajibu wake wote.

Kuna jambo la mipangilio ambalo huharibu kazi yote hii kimyakimya. Kampeni za kuvutia watu dukani, ambazo tangu mwaka 2022 zimeingizwa katika aina inayoitwa `Performance Max`, huamua zenyewe tangazo lionyeshwe kwa nani, kwa kufuata lengo uliloliita kuu. Ukiacha malengo yote yawe makuu, kuomba njia, kupiga simu, kufungua tovuti na kugusa picha, mfumo utakimbilia lile lililo rahisi kupatikana, ambalo karibu kila mara ni kufungua tovuti. Jumla ya malengo itapaa na mlango utabaki vilevile. Katika ukurasa wa malengo, acha `Local actions - Directions` liwe `Primary`, na mengine yageuze yawe `Secondary`, yaani yaonekane kwenye ripoti bila kuongoza matumizi ya fedha. Vivyo hivyo, usihangaike kuweka nyongeza ya bei kwa duara la Shela ukitumaini mfumo utaliwekea uzito zaidi. Ukitumia zabuni za kujiendesha, ambapo mfumo hupanga bei wenyewe, nyongeza za eneo hupuuzwa. Ukitaka Shela ipate fedha zake, ifanyie kampeni yake na bajeti yake.

Matangazo ya Facebook na Instagram nayo yana duara la pini, lakini tangu mwaka 2023 hayakupi tena nafasi ya kuchagua wasafiri peke yao au wakazi peke yao: hupata wote wanaoishi mahali hapo au waliokuwapo karibuni. Kwa Manda maana yake ni kwamba anayeondoka na anayefika huhesabiwa pamoja. Kwa duka linalotaka miguu ya leo, mimi ningelipa kwanza ombi la njia.

Kikomo cha mwisho ni udogo wa tarakimu zenyewe. Duka linalopata watu 9 kwa mwezi kwa ramani likipata 12 mwezi unaofuata, halijajifunza kitu. Idadi ndogo hupanda na kushuka kwa watu 3 bila sababu yoyote. Tena miezi ya Lamu haifanani. Mvua za masika hupunguza wageni, Desemba huwaongeza, na siku za Maulidi mji hujaa watu ambao hawakuja kwa sababu ya tangazo lako. Kwa hiyo usilinganishe Aprili na Agosti. Linganisha miezi miwili iliyopakana, au bora zaidi mwezi mmoja na mwezi uleule wa mwaka uliopita kama daftari lako limefika huko, na usibadilishe mpangilio kabla ya kukusanya angalau wageni 30 wa ramani chini ya mpangilio ule.

Ramadhani inahitaji kutazamwa peke yake, kwa sababu mwezi huo huhama kila mwaka na saa za mji hugeuka. Mchana maduka mengi hufungwa mapema, na baada ya tarawehe njia hujaa tena. Ukiacha tangazo lifuate saa za kawaida, utalipia maombi ya njia ya saa tisa alasiri yanayoishia kwenye mlango wenye komeo, na mgeni aliyekuta komeo anaweza kuandika kwenye ramani kwamba duka limefungwa. Badilisha kwanza saa za kufungua katika wasifu wa biashara, sehemu ya saa maalumu, kisha ratiba ya tangazo, na ufanye hivyo siku mbili au tatu kabla mwezi haujaandama. Usiku wa Idi zirudishe zote mbili.